UZI: Mwaka wa nne ukweni Nyeri, sikio langu bado halitofautishi "rera" na "rĩra". Shida iko wapi?

MtuWaPangani
Wakuu habari za jioni, naomba msaada maana hii kitu imeanza kunitia aibu ukweni. Mimi ni mtu wa Pangani, Kiswahili ndo lugha ya baba na mama, kilugha kingine sina. Nimeoa dada wa Nyeri, tunaishi Nairobi mwaka wa nne sasa na Kikuyu najifunza kwa bidii kweli, sio mzaha, salamu zote ninazo, mbuzi nanunua sokoni na bei napunguziwa.

Sasa wiki iliyopita mama mkwe kapiga simu, mtoto wetu alikuwa kwake. Akasema "mwana nĩararĩra", yaani mtoto analia. Mimi nikasikia "nĩararera", nikaokota mwana, nikaokota kulea, nikajua anazungumzia malezi, nikajibu kwa furaha zote "nĩ wega mũno!" Kimya. Mke wangu pembeni kashika mbavu. Kwa hiyo bibi anaambia baba mtu mtoto analia, baba mtu anasema vizuri sana.

Kulea ni kũrera, kulia ni kũrĩra. Kwangu mimi yote ni "korera". Nimekaa na mke wangu akanisemea moja baada ya nyingine mara kumi, na hapo ndo ninapochanganyikiwa kabisa, kwa sababu akizisema zimefuatana nasikia kuna kitu kinabadilika, kidogo sana ila kipo. Akiondoka akarudi akasema moja peke yake, sijui ni ipi. Masikio nimepima mwaka jana kazini, hayana tatizo. Shida ni nini?

BwanaKejeli
Hahaha yaani wao ndo wakufundishe matamshi? Waambie kwanza waseme "lala" isiwe "rara" halafu ndo mrudi kwenye hiyo rera yenu. Kikuyu hakina L bana.

MtuWaPangani
@BwanaKejeli mkuu sijauliza L na R, nimeuliza irabu. Soma tena.

WaKarima
Mzee hiyo ni rahisi, mnakuzungusha bure. Mimi nimezaliwa hiyo lugha. Tofauti ni sauti ya juu na ya chini, ukisema rĩra inapanda kidogo, rera inakaa chini. Sikiliza kupanda na kushuka tu, ile kijialama ya juu ya i ndio inakuonyesha upandishe. Wiki moja utakuwa sawa.

BintiFonetiki
@WaKarima hapana ndugu yangu, kijialama hicho hakina uhusiano na kupanda sauti. Kikuyu kina toni kweli, hapo uko sahihi, lakini tahajia yenu haiandiki toni kabisa. Ile ĩ ni irabu nyingine, inakaa katikati ya i na e, na ũ vivyo hivyo katikati ya u na o. Jumla saba. Wewe unazitofautisha bila kufikiri ndo maana hujui unazitofautishaje, na hilo sikulaumu, muulize mtu wa Unguja anatofautishaje "paa" na "pa" utaona anavyoanza kupapasa.

Ila ushauri wako una hatari, na nina wasiwasi @MtuWaPangani ameshauanza. Mtu akikaa na mke wake akasikia neno moja likitamkwa peke yake mara kumi, sikio lake linakamata chochote kinachobadilika, hata kama ni namna mke alivyoinua sauti mara hiyo. Halafu neno likiingia katikati ya sentensi toni yake inabadilika na wimbo wote unapotea. Umeshika mkia wa samaki badala ya kichwa.

Kuhusu swali lenyewe. Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo una vikapu vitano kichwani, na ulivisuka ukiwa mdogo sana. Mwaka 1992 Patricia Kuhl na wenzake walipima watoto wa miezi sita Marekani na Uswidi, wakawachezea irabu moja ya Kiingereza na moja ya Kiswidi, kila moja ikiwa imegeuzwa kidogo kidogo. Watoto wale, ambao hata mama hawajui kusema, tayari walikuwa wanavumilia mageuzi ya irabu ya kwao, wanaichukua kama kitu kilekile, na ile ya kigeni mageuzi yake wanayasikia zaidi. Maana yake ni kwamba kuwa mjuzi wa lugha yako ni kujifunza KUTOSIKIA tofauti ambazo hazina kazi. Mtoto wa Pangani anasikia e ya shangazi, e ya mvuvi, e ya mtu mwenye mafua, zote anatupa kikapu kimoja, na akifanya hivyo anaelewa watu haraka. Sasa umeenda Nyeri wanakuletea e mbili, moja mdomo umefunguka zaidi, nyingine taya limepanda kidogo, na zote zinadondokea kikapu kilekile. Sikio limesikia vizuri tu, ila upangaji ndo umezichanganya.

Na @BwanaKejeli bila kujua umeleta mfano mzuri kuliko unavyofikiri. Mkikuyu anapochanganya l na r ni jambo hilihili limegeuzwa, yeye kikapu kimoja, wewe viwili. Mnachekana kwa ugonjwa mmoja.

MtuWaPangani
Hapo kwenye vikapu nimekuelewa dada. Lakini bado hujanijibu, mbona zikifuatana nasikia?

BintiFonetiki
Nilikuwa naja huko. Sauti ikiingia, mwangwi wake halisi unabaki kichwani kwa muda mfupi mno, na ndani ya muda huo unaweza kulinganisha sauti na sauti. Ukipita, kinachobaki ni jina la kikapu tu, "e". Janet Werker na John Logan walilionyesha mwaka 1985 kwa wazungu wa Kiingereza waliosikilizishwa konsonanti za Kihindi: sauti mbili zikiachana robo ya sekunde watu wanaona utofauti, zikiachana sekunde moja na nusu wanaanza kusema ni moja. Mke wako akisema rera-rĩra chapchap unalinganisha mwangwi. Mama mkwe kwenye simu hakuletei rera ya kulinganisha nayo, amekuletea moja tu na maneno mengine yanaifuata, mwangwi umezimika, umebaki na "e", na ubongo ukachagua maana unayoitegemea.

Kwa hiyo mazoezi ya kufuatanisha yanakupa moyo wa uongo. Ukitaka kujua unasikia au husikii, neno lije peke yake na wewe useme ni lipi.

JeJe_254
Tusidanganyane hapa. Baada ya miaka saba mlango wa lugha unafungwa, hii imethibitishwa, ubongo unakauka. Huyu jamaa ana miaka mingapi, thelathini na kitu? Akubali tu. Mtoto wake atasikia, inatosha.

DadaMuuguzi
Mimi nina yangu samahani kama natoka nje ya mada. Nilisoma Kijerumani Nairobi kabla ya kuja huku kufanya kazi ya uuguzi. "Schon" na "schön" zilinitesa vibaya, moja ni "tayari" nyingine ni "zuri", mimi ile ya pili nasikia e, siku nyingine nasikia o, inategemea nani anaongea. Lakini "Bett" na "Beet", kitanda na tuta la bustani, hizo nilizipata siku ya kwanza kwa sababu moja ni fupi moja ndefu. Kwa hiyo kaka angalia urefu, hiyo ndo siri, wazungu wote siri yao ni urefu.

BintiFonetiki
@DadaMuuguzi hujatoka nje, ila tahadhari na hiyo siri. Kwa Bett na Beet imekusaidia kwa sababu Kijerumani kweli kinatumia urefu pamoja na ubora wa irabu, na sisi Waswahili urefu tunausikia, tuna "kufa" na "kufaa". Lakini ipeleke kwenye Kiingereza uone. Watu wetu wote tumefundishwa "ship" ni i fupi na "sheep" ni i ndefu. Sasa sikiliza "beat" na "bid". Irabu inayotangulia t hufupishwa, inayotangulia d hurefushwa, kwa hiyo ile "ndefu" ya beat inaweza ikalingana na ile "fupi" ya bid au hata kuwa fupi kuliko yenyewe. Mwenye lugha hababaiki kwa sababu anasikiliza rangi ya irabu, aliyeshika urefu anaanguka hapo hapo. Wahispania wengi wamekutwa na mtego huu, nao wana irabu tano kama sisi.

Na kwenye Kikuyu haina msaada kabisa, kwa sababu urefu ni kitu kingine kinachojitegemea, kuna e fupi na e ndefu, ĩ fupi na ĩ ndefu.

NgoshaWaMwanza
Mimi naona mnasumbuka. Niko Nairobi pia, kuna jamaa wa Kikuyu ofisini nimemwambia hebu sema hayo maneno, nimegeukia ukutani. Kasema kumi na mbili, nimepata zote. Sijui neno hata moja la Kikuyu mimi zaidi ya "nĩ wega". Lakini Kisukuma kina irabu saba, tena na urefu juu yake. Nyumbani ukikosea bibi anakurekebisha kabla hujamaliza neno.

MtuWaPangani
@NgoshaWaMwanza aisee umeniumiza. Miaka minne nimekaa na watu, wewe dakika tano.

JeJe_254
Haya basi, si ndo nilichosema? Yeye alijifunza utotoni. Mlango.

BintiFonetiki
@JeJe_254 nusu yake umepatia. Kuna uchunguzi wa Barcelona ambao huwa unaninyima usingizi, Christophe Pallier, Laura Bosch na Núria Sebastián-Gallés, mwaka 1997. Kihispania irabu tano, Kikatalani kina e mbili na o mbili, yaani ni kesi ya huyu ndugu yetu ukibadilisha majina tu. Wakachukua watu wazima wanaojua lugha zote mbili. Waliokulia nyumba za Kihispania walianza kupata Kikatalani wakiwa watoto, kabla ya miaka sita, wakakisoma shule, wanakiongea kila siku. Na bado kundi hilo kwa ujumla halikuonyesha mpaka kati ya e na e ya pili. Waliokulia Kikatalani waliuonyesha.

Sasa angalia hii inasema nini. Kama shida ingekuwa mlango wa miaka saba, hawa walipita kabla haujafungwa. Kinachoonekana kuzuia ni lugha iliyotangulia. Kikapu kikishakuwepo na kinafanya kazi, sauti mpya inayofanana nacho inamezwa, na mtu haoni sababu ya kusuka kingine kwa sababu mazingira yanamwokoa, hakuna anayechanganya kulia na kulea kama mtoto yuko mbele yake analia.

Ila kwamba haiwezekani tena, hapo ndo sikubaliani na wewe. Wajapani na r na l za Kiingereza walifundishwa wakiwa watu wazima. Logan, Lively na Pisoni, mwaka 1991. Walicheza maneno ya jozi, mtu anachagua, anaambiwa hapohapo umepata au umekosa, na maneno yalisemwa na watu watano tofauti. Walipanda. Sio kufika kwa mzawa, lakini walipanda, na wakasikia hata kwa msemaji mpya. Baadaye, mwaka 1993, wakajaribu kufundisha kwa sauti ya mtu mmoja tu: wanafunzi walimpata huyo mmoja, akija mwingine hola.

Kwa hiyo @MtuWaPangani, mwalimu wako ni mmoja na unampenda. Hapo ndo shida inapoanzia.

MtuWaPangani
😂 nitamwambia.

KamusiKichwani
Niongeze kitu ambacho hakitibu sikio ila kitamwokoa na mama mkwe. Kiswahili chenyewe kimetoka kwenye irabu saba, mababu wa Kibantu walikuwa nazo, sisi wa pwani tukaziunganisha Wakikuyu wakazishika. Kwa hiyo neno likiwa la ukoo mmoja, Kiswahili kinakunong'oneza. Kiswahili kikiwa na e, Kikuyu kina e: lea ni rera, tema ni tema. Wewe ukisikia "e" Kikuyu lakini neno la Kiswahili lina i, hiyo ni ĩ: lia ni rĩra, mti ni mũtĩ. Vilevile ukisikia "o" na Kiswahili kina u basi ni ũ: mtu ni mũndũ, tatu ni thatũ, kua ni kũra.

Na kitamu zaidi, zile irabu mbili tulizozipoteza zimeacha alama kwenye konsonanti. Linganisha mvua na mbuzi. Kikuyu mvua ni mbura, mbuzi ni mbũri. Ile u kali ya mbura ilisaga b yetu ikawa v, ile ũ ya mbũri ikaiacha b kama ilivyo. Na i kali ya mwisho wa mbũri ndo iliyotupa z ya mbuzi. Sisi hatusikii tofauti ya u na ũ, ila tunaitamka kila siku kwenye v na z bila kujua.

NgoshaWaMwanza
@KamusiKichwani hiyo ya mvua na mbuzi imenikalisha. Sikuwahi kuiwaza.

BwanaKejeli
Nimekuja kutukana nimebaki kusoma.

BintiFonetiki
@KamusiKichwani nzuri sana hiyo, na akiitumia aitumie kwa kuandika na kukumbuka. Kwa kusikia haifiki mbali, kwanza neno lazima liwe na ndugu Kiswahili, na mengi hayana, moyo ni ngoro, utaushika wapi? Pili akili ikianza kutafuta ndugu wa neno sentensi imeshapita.

Kitu kingine kinachomharibia ni wasap. Watu wanaandika bila kialama, "mwana niararira", kwa sababu kibodi za simu zinasumbua. Yeye anasoma i, masikioni anapata kitu kama e, anaona ni maneno mawili tofauti au wameandika vibaya. Mwombe mkeo akuandikie na alama, hata kama ni kwa mkono.

Sasa kipimo. Chukua karatasi ndogo ishirini, kumi andika rera, kumi rĩra, tia kwenye kopo. Mke anachomoa, anasema neno mara moja, analirudisha, anatikisa. Wewe unaandika jibu, hakuambii kitu mpaka mwisho. Kwa kubahatisha utakuwa unapata karibu kumi. Kupata 15 au zaidi kwa bahati hutokea kama mara mbili katika mia, kwa hiyo chini ya hapo usishangilie.

MtuWaPangani
Nimerudi wakuu. Jana usiku tumefanya. Nimepata 16! Sikio halina shida kumbe.

BintiFonetiki
Ulikuwa unamwangalia?

MtuWaPangani
Ndiyo tumekaa mezani.

BintiFonetiki
Basi umesoma taya. Kwenye rera kidevu kinashuka zaidi, macho yanaona. Rudia, akae chumba kingine au ajifunike uso.

MtuWaPangani
Nimerudia leo, yeye jikoni mimi sebuleni mlango umerudishwa. 11. Nimefanya tena, 9. Haya nimekubali, mimi ni kiziwi wa irabu.

FundiMitambo
Mimi kazi yangu ni kurekodi na kuchanganya sauti, nikashawishika. Kaka alinitumia rekodi ya mkewe inboksi nikaifungua kwenye Praat, ni ya bure, imetengenezwa na Paul Boersma na David Weenink kule Amsterdam. Ukichagua irabu na kuangalia zile alama nyekundu zinazopita kwenye picha, mstari wa chini kabisa ndo unaokuambia mdomo umefunguka kiasi gani, ukipanda mdomo umefunguka. Kwa sauti ya huyu dada rĩra ilikaa kama herzi 430 na rera kama 620, nimepima mara sita sita zote zinaangukia hapohapo. Angalizo kwa watakaojaribu: kikomo cha juu cha kupimia acha 5500 kwa mwanamke, kwa mwanaume shusha 5000, la sivyo itakupa namba za ajabu. Halafu kaka naye akanitumia Kiswahili chake, "lea", "tembo", "peleka". E zake zimetawanyika kuanzia 470 mpaka karibu 600. Sauti ya mwanaume na mwanamke huwezi kuzilinganisha namba kwa namba, lakini ukiangalia umbo lake e moja ya Pangani imejitandaza pale ambapo Nyeri wameweka uzio katikati.

WaKarima
Hapo ndio nimeona nilichokuwa sijaelewa. Nimejirekodi pia, toni nikiibadilisha makusudi ule mstari wa chini haisongi. Pole @MtuWaPangani kwa ile ushauri yangu.

MtuWaPangani
Usijali shemeji.

Kwa wanaofuatilia uzi, nilifanya hivi. Nilikusanya sauti tano: mke wangu, dada yake, kaka yao, mlinzi wa geti letu na mama mmoja wa duka la mboga. Kila mmoja nimemrekodi rera na rĩra, baadhi kora na kũra pia, na vijisentensi vifupi yale maneno yakiwa katikati. Mlinzi aliniuliza mara mbili kama niko sawa kichwani. Jioni dakika kumi na tano, simu inachanganya yenyewe, inacheza moja, nasema jibu, nafunua kuangalia, nikikosa naisikiliza tena nikiwa najua jibu. Wiki tatu, siku nne nilikosa kufanya.

Wiki ya kwanza hakuna kitu, nilitaka kuacha. Kitu cha ajabu, iliyoanza kubadilika haikuwa ya mke wangu bali ya mlinzi, e yake imefunguka sana, kama anataka kusema a. Nikishaipata ya mlinzi nikaanza kuitafuta kwa wengine. Jana kipimo cha kopo, mlango umefungwa, 17. Nikamwomba baba mkwe, ambaye sikumrekodi, akasema kwa simu, 14. Kwenye sentensi za haraka bado nabahatisha tu.

Kora na kũra 11. Sijui kwa nini, mazoezi ni yaleyale.

DadaMuuguzi
Mimi kwa uzoefu ilikuwa mpaka niweze kuitamka ndo nikaisikia. Nilikaa mbele ya kioo nikisema e huku nimebinua midomo kama napiga mluzi, schön ikatoka. Jaribu kutamka kaka.

BintiFonetiki
@DadaMuuguzi hilo wanaligombania. Kwa wale Wajapani waliofundishwa kusikia tu, matamshi nayo yalipanda bila kufundishwa, kwa hiyo njia ya kutoka sikioni kwenda mdomoni ipo. Kinyume chake mimi nimeona watu wanaotamka vizuri kabisa na hawasikii, wanajua tu ulimi waweke wapi. Lakini kidole chini ya kidevu hakina hasara, sema rera, kidevu kinasukuma kidole, sema rĩra, kinasukuma kidogo.

@MtuWaPangani 14 kwa sauti mpya usiihesabu bado, ipo mpakani. Ongeza wazee, ongeza watoto. Kora na kũra naona umezifanya kama nyongeza tu, ulisema neno gani ulicheza mara nyingi?

MtuWaPangani
Rera na rĩra ndo nyingi, kora nilirekodi watu wawili tu, wengine walikuwa na haraka.

BintiFonetiki
Basi jibu unalo. Uzio wa e haukujengei wa o bure.

JeJe_254
17 kati ya 20 kwa maneno mawili unayoyajua, baada ya wiki tatu. Hiyo sio kusikia lugha, hiyo ni kucheza gemu. Aje atuambie mwakani.

MtuWaPangani
@JeJe_254 inawezekana uko sahihi. Ila juzi mama mkwe kapiga tena, kasema sentensi ndefu ina mwana ndani yake, nikamsimamisha nikamuuliza kwa Kikuyu, kulia au kulea? Akacheka sana, akairudia polepole. Ilikuwa kulea. Mimi moyoni nilikuwa nimeshachagua kulia.

Naenda getini kumrekodi mlinzi kora.